Daftari la John Locke na Mizizi ya Maneno Yetu

Katika nchi zetu mwalimu aghalabu husoma kitabu kigumu kwa kuazima. Kitabu cha kurasa mia tatu au zaidi hukaa naye majuma mawili au matatu, kisha hurudi maktabani au kwa mwenyewe. Muhula mwingine unapofika, na mada ile ile inapotakiwa darasani, kilichobaki kichwani ni jina la mwandishi, rangi ya jalada, na hisia kwamba mahali fulani katikati palikuwa na hoja nzito. Kilichobaki daftarini, ikiwa daftari liliandikwa, huwa ni safu ya sentensi zilizonakiliwa kwa kuufuata mpangilio wa kitabu. Sentensi hizo hazifai sana, kwa sababu miezi sita baadaye hakuna anayetafuta jambo kwa mpangilio wa kitabu alikolisoma. Hulitafuta kwa jina la jambo lenyewe.

Shida hii ni kongwe, na wako waliokwisha kuitafutia dawa. Hapa tunakusudia kueleza dawa moja tu, ile ya mwanafalsafa Mwingereza John Locke, kisha tuitazame inavyokubali na inavyokataa inapotiwa katika Kiswahili. Tumeichagua kwa sababu haitaki kitu ila daftari moja na kalamu, na kwa sababu inagusa jambo ambalo walimu wa Kiswahili hulijua kuliko wengine: namna neno letu linavyojengwa.

Kabla ya Locke, wasomi wa Ulaya walikuwa na desturi ya kuweka daftari la madondoo lililogawanywa kwa vichwa. Erasmus wa Rotterdam, katika kitabu chake cha mwaka 1512 kuhusu wingi wa usemi, alishauri mwanafunzi atayarishe vichwa mapema, hasa vya wema na uovu, kila kimoja kando ya kinyume chake, kisha kila anachokisoma akiweke chini ya kichwa kinachohusika. Mwenye kujaribu ataona mara moja ugumu ulipo. Anayetayarisha vichwa kabla ya kusoma hana budi kukisia kitabu kitasema nini. Kichwa kimoja hutengewa kurasa kumi na kikabaki kitupu. Kingine hutengewa kurasa mbili kikafurika katika sura ya kwanza. Karatasi nayo ilikuwa ghali.

Locke, aliyezaliwa mwaka 1632, alianza kutumia njia yake mwenyewe alipokuwa bado kijana. Aliitangaza baada ya miaka mingi, alipokuwa amekimbilia Uholanzi kwa sababu za kisiasa: ilichapishwa kwa Kifaransa mwaka 1686 katika jarida la Jean Le Clerc mjini Amsterdam. Kwa Kiingereza ilitoka mwaka 1706, miaka miwili baada ya kufa kwake. Ni maandishi mafupi, na kwa mtu aliyeandika juu ya serikali na juu ya akili ya binadamu yaonekana kama kazi ya karani. Hata hivyo karani huyo alikuwa ameitumia njia hiyo, kwa maelezo yake mwenyewe, kwa miaka 25.

Njia yenyewe ni hii. Kurasa mbili za kwanza za daftari, zile zinazotazamana, huwekwa kando kwa ajili ya faharasa. Humo huandikwa herufi za alfabeti, na mbele ya kila herufi hupangwa irabu tano: a, e, i, o, u. Locke alitumia herufi 20, kwa hiyo alipata vyumba 100. Baada ya hapo daftari lote liko tupu, halina kichwa hata kimoja. Msomaji anapokutana na jambo la kuandika hulipa jina, yaani kichwa, kisha hutazama herufi ya kwanza ya kichwa hicho na irabu ya kwanza inayoifuata. Mfano wake Locke ulikuwa neno la Kilatini lenye maana ya barua, *epistola*: herufi ya kwanza ni E, irabu inayofuata ni i, basi chumba chake ni E-i. Chumba hicho kikiwa hakina namba, msomaji hufungua kurasa mbili za kwanza zilizo tupu, huandika kichwa katika pambizo kwa herufi kubwa, huandika dondoo lake kando, kisha hurudi kwenye faharasa na kutia namba ya ukurasa katika chumba cha E-i. Siku nyingine akiwa na kichwa kingine cha E-i, huenda kwenye kurasa zile zile. Zikijaa, huhamia kwenye kurasa mbili zinazofuata zilizo tupu, huonyesha chini ya ukurasa uliojaa namba ya kule alikohamia, na namba hiyo huiongeza katika faharasa.

Uzuri wake wote umo katika jambo moja. Ukurasa hautengwi mpaka utakapohitajika. Hakuna kukisia, na hakuna karatasi inayopotea. Kichwa kimoja chaweza kuwa na mistari mitatu na jirani yake arobaini, na wote wakakaa nyumba moja bila ugomvi, kwa kuwa jicho huteremka kwenye pambizo na kukiona kichwa linachokitafuta.

Sasa tuipeleke njia hii kwenye kitabu kinachojulikana sana katika sehemu zetu: kile cha Walter Rodney kilichotoka mwaka 1972, London na Dar es Salaam kwa pamoja, kinachoeleza jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Rodney, Mguyana aliyekuwa akifundisha historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikiandika kwa Kiingereza na kukigawa katika sura sita. Si kitabu chepesi. Hoja hufuatana kwa karibu, mifano hutoka kila pembe ya bara, na msomaji anayepiga mstari chini ya kila kitu kizuri atajikuta amepiga mistari nusu ya kitabu.

Kikwazo cha kwanza hutokea katika faharasa, kabla ya kufika mbali. Vichwa anavyovihitaji msomaji wa Rodney ni kama vile utumwa, ukoloni, uchumi, ufundi, umaskini, utawala, uhuru. Vyote vinaanza na U. Kwa kanuni ya Locke, utumwa, uchumi, ufundi na uhuru vinaingia chumba kimoja, U-u. Umaskini na utawala vinaingia U-a. Kadhalika mkulima, mfumo na mtumwa vinarundikana katika M-u. Wakati huo huo vyumba vingi vya herufi nyingine vimekaa wazi kama madarasa wakati wa likizo. Kosa halimo katika njia ya Locke wala katika lugha yetu. Alfabeti yake ilipangwa kwa maneno ambayo maana yake hukaa mwanzoni. Neno letu huanza na kiambishi cha ngeli, na kiambishi hicho hutueleza kundi la neno, hakitupi kiini chake.

Watunga kamusi wamekutana na jambo hili tangu zamani. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliweka majina mengi yanayotokana na vitenzi chini ya kitenzi chenyewe. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ikayaorodhesha kama yanavyotamkwa, kila moja mahali pake. Kwa mwanafunzi anayetafuta maana ya neno asilolijua, njia ya pili bila shaka ni rahisi zaidi. Lakini mwenye daftari hatafuti neno asilolijua. Yeye mwenyewe ndiye aliyelichagua. Kwa hiyo kwake yeye njia ya Johnson ndiyo inayofaa: aondoe kiambishi, atazame mzizi au shina. Utumwa hutoka katika tuma, nao huenda T-u. Ukoloni huenda K-o. Ufundi huenda F-u, umaskini M-a, kilimo L-i kwa sababu ya lima, na maendeleo E-e kwa sababu ya endelea. Hapo maneno yanatawanyika katika faharasa, na hupatikana faida ambayo Locke hakuipata: jamaa wa ukoo mmoja hukutana bila kutafutana. Mkulima, kilimo na ulimaji huangukia chumba kimoja, na mara nyingi mambo yao ni mamoja pia.

Marekebisho mengine ni madogo. Locke alizitupa K, W na Y, akisema kwamba C, U na I zinatosha badala yake. Sisi hatuwezi kuitupa K hata kwa siku moja. Tutupe Q na X ambazo hatuzitumii, na C tuiandike CH kama inavyosikika. Tunabaki na herufi 24, na vyumba 120, ambavyo vinaenea vizuri katika kurasa mbili za daftari kubwa ikiwa mistari imechorwa kwa rula.

Kikwazo cha pili ni kikubwa zaidi, nacho ni uchaguzi wa kichwa chenyewe. Kichwa kipana mno, kama vile Afrika au historia, ni sawa na kutokuwa na kichwa. Dalili yake ni kwamba kurasa zake mbili hujaa kabla sura ya kwanza haijamalizika. Kichwa kilichochukuliwa kutoka katika jina la sura nacho ni kibaya, maana hilo ni jina la mwandishi, si lile ambalo msomaji ataliwaza atakapokuwa akitayarisha somo. Ni afadhali kujiuliza: siku nitakapolihitaji jambo hili, nitaliita nani? Kama majina mawili yanakuja kwa nguvu sawa, dondoo liandikwe chini ya moja, na chini ya la pili liandikwe neno moja tu, tazama, pamoja na namba ya ukurasa.

Hapa ndipo lugha yetu inapotufanyia kazi bila malipo. Kitabu ni cha Kiingereza. Daftari na liwe la Kiswahili. Chukua dhana yenyewe iliyo katika jina la kitabu cha Rodney. Wengi wetu tungeiandika haraka haraka kama kutoendelea. Lakini sura ya kwanza inasisitiza kwamba hali hii si upungufu wa maendeleo tu, kwani hakuna jamii isiyokuwa na maendeleo ya namna fulani. Ni uhusiano, na ndani ya uhusiano huo upande mmoja hunyonya na mwingine hunyonywa. Kutoendelea ni hali isiyo na mtendaji. Kudumaza kuna mtendaji, na kudumazwa kuna mtendwa. Msomaji aliyeandika kichwa chake KUTOENDELEA ameandika kinyume cha anachosema Rodney, hata kama chini yake amenakili sentensi zote kwa usahihi. Aliyeandika KUDUMAZA, akaliingiza D-u, amekwisha kuitia hoja ndani ya kichwa. Miezi sita baadaye, hata kama amesahau kila kitu kingine, neno hilo peke yake litamwambia kwamba palikuwa na mdumazaji. Sisi twaona kwamba dakika kumi zinazotumika kutafuta neno kama hilo zina thamani kuliko saa nzima ya kunakili.

Tuchukue mfano wa dondoo kamili kutoka sura ya 4, inayohusu mizizi ya kudumazwa kwa Afrika mpaka mwaka 1885. Rodney anaeleza humo kwamba watawala kadhaa wa Afrika walitaka ufundi kutoka Ulaya, si bidhaa peke yake, na hawakuupata. Miongoni mwao anawataja Lebna Dengel wa Uhabeshi na Opoku Ware wa Asante. Msomaji amalize kifungu kizima bila kuandika, akiacha kipande cha karatasi penye ukurasa unaomgusa, kwa kuwa kitabu si chake na hana ruhusa ya kukichora. Kisha akifunge, na kikiwa kimefungwa aandike chini ya UFUNDI, katika F-u, maneno kama haya: watawala wengine waliomba mafundi na viwanda, wakanyimwa, na biashara iliyokuwapo ilitaka watu tu; Lebna Dengel karne ya 16, Opoku Ware karne ya 18. Ndipo akifungue tena kuhakikisha majina na karne. Mistari minne yatosha.

Chini ya hapo pana mambo mawili yasiyoweza kuachwa. La kwanza ni mahali. Locke alikuwa na hila nzuri: hakuandika namba ya ukurasa peke yake, aliiandika pamoja na jumla ya kurasa za kitabu. Tuseme nakala tuliyoazima ina kurasa 320 na jambo letu liko ukurasa wa 120, tunaandika 120/320. Mwaka ujao tukipata nakala ya toleo jingine lenye kurasa 400, tunazidisha 120 kwa 400, tunagawanya kwa 320, na jibu, 150, hutupeleka karibu na mahali penyewe. Hila hiyo ina mpaka wake: toleo jipya likiwa na dibaji ndefu ya mtu mwingine, hesabu huteleza kwa kurasa kadhaa. Kwa hiyo tuongeze na namba ya sura, ambayo haibadiliki.

La pili ni sauti ya msomaji. Kama ana swali au ubishi, auandike, lakini autenge kwa alama, kwa mfano kwa kuanza na neno sisi na nukta mbili. Asiyefanya hivyo atakuja kusoma daftari lake mwakani na kudhani kwamba ubishi wake ni maneno ya Rodney, au kwamba sentensi ya Rodney ni fikra yake mwenyewe. Ajali hii ya pili ndiyo mbaya zaidi, na haina dalili inayoonekana isipokuwa pale msomaji mwingine anapoitambua sentensi.

Takwimu zinahitaji uangalifu wa pekee. Katika sura hiyo hiyo Rodney anatoa jedwali la makisio ya idadi ya watu: Afrika milioni 100 mwaka 1650, na bado milioni 100 mwaka 1850, ilhali Ulaya inapanda kutoka milioni 103 hadi 274 katika muda huo huo. Ni rahisi sana kuandika IDADI YA WATU, kuiingiza I-a, na kuzinakili namba hizo. Baada ya miezi minane namba zitakuwapo, na kazi yake itakuwa imesahauliwa. Dondoo lazima liseme kwamba namba hizo ni makisio, kwamba Rodney amezileta ili kuonyesha kwamba Afrika ilisimama wakati wengine waliongezeka, na kwamba anaihusisha hali hiyo na biashara ya utumwa. Wataalamu wa baadaye wameyabishia sana makisio ya Afrika ya zama hizo. Mwenye dondoo linalotaja kazi ya namba ataweza kuufuata ubishi huo, na mwenye namba tupu hataweza.

Mpaka hapa tumezungumza juu ya kupata, na bado hatujazungumza juu ya kukumbuka. Locke hakuahidi kwamba daftari litatia mambo akilini. Aliahidi kwamba mambo yataonekana yakitafutwa. Hivi ni vitu viwili. Mtu aweza kuwa na faharasa safi kabisa na akasimama mbele ya wanafunzi mikono mitupu, kwa sababu daftari lake limebaki nyumbani.

Juu ya kukumbuka tunajua leo zaidi ya alivyojua Locke. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alionyesha mwaka 1885 kwamba kusahau huenda kwa kasi mwanzoni kisha hupungua mwendo. Mwaka 2006 Wamarekani wawili, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vifupi vya kusoma. Wengine walivisoma tena. Wengine walitakiwa kuandika walichokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: walioandika kwa kukumbuka walikuwa na asilimia 56 ya maudhui, na waliorudia kusoma asilimia 42. Vifungu vile vilikuwa vifupi na muda ulikuwa juma moja, kwa hiyo hatuwezi kudai kwamba hesabu itakuwa hiyo hiyo kwa kitabu kizima na nusu mwaka. Lakini mwelekeo wake unatosha kutuonya dhidi ya tabia yetu ya kusomasoma daftari usiku wa kuamkia somo na kujisikia tunajua.

Kwa bahati umbo la daftari la Locke linafaa kwa zoezi hili, ingawa halikutungwa kwa ajili yake. Vichwa viko katika pambizo na maelezo yako kando. Weka karatasi juu ya maelezo, acha vichwa vikionekana, na ujaribu kusema kilichoandikwa: UFUNDI, nani aliomba nini, na nini kilifuata? Kisha ondoa karatasi ulinganishe. Fanya hivyo juma moja baada ya kumaliza sura, tena baada ya mwezi, na tena muhula unapofunguliwa. Penye kushindwa tia nukta ya penseli. Kichwa kilichopata nukta tatu aghalabu si kosa la kumbukumbu; ukikitazama utaona kwamba maelezo yake yalinakiliwa, hayakueleweka, na hapo hakuna dawa ila kukiazima kitabu upya na kukisoma kifungu hicho kwa namba ulizoziandika.

Wako watakaouliza kwa nini tusitumie kadi, kama alivyofanya mwanasosholojia wa Kijerumani Niklas Luhmann, aliyefariki mwaka 1998 na kuacha karatasi ndogo zipatazo 90,000, zikiwa zimeunganishwa kwa namba zake za pekee. Kadi huhamishika, na daftari halihamishiki. Hiyo ni faida ya kweli kwa mtu anayeandika vitabu kadhaa kwa miaka thelathini. Kwa mwalimu mwenye vitabu vitatu au vinne vya kuazima kwa mwaka, anayehamishwa shule na kubeba mizigo yake garini, tungechagua daftari. Daftari likianguka hukaa pamoja.

Kuna jambo dogo la mwisho kuhusu faharasa ile ya 1686. Locke aliiweka herufi Q katika chumba cha Z-u, kwa sababu, alisema, katika miaka yake 25 hakupata kichwa hata kimoja kilichokihitaji chumba hicho. Sisi, tulipoipanga faharasa ya Kiswahili kwa kitabu cha Rodney, tulikuwa na mzunguko wa fedha, wenye shina zunguka. Z-u ikapata mpangaji.